Mrejesho: kutuma bure oda ya 40,000 kulikuwa kunanilia faida

Niliuliza: "Nauza vitenge mtandaoni nikiwa Mwanza. Oda ya 40,000 natuma bure, mauzo yapo ila hela siioni. Nakosea wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Aliyeniambia nianze na faida, siyo bei, ndiye aliyenifungua macho. Faida yangu ni robo ya bei, yaani oda ya 40,000 inaniachia 10,000. Mzigo wa Bukoba unakula 9,000: bodaboda hadi stendi 3,000, basi 5,000, mfuko na gundi 1,000. Nilikuwa nabaki na 1,000 tu!

Nikaamua kila oda iniachie angalau 8,000. Nikajumlisha na ile 9,000, nikapata 17,000, nikagawa kwa 0.25: 68,000. Sasa bure ya Bukoba inaanzia 70,000. Mjini natumia 4,000 tu, kwa hiyo nimeweka 50,000. Chini ya hapo mteja analipa usafiri wake.

Oda za Bukoba zimepungua kidogo, naumia kwa hilo, lakini wengi huongeza kitenge kimoja wafikie. Nansio bado sijaiweka bure, kwa sababu kule nalipia meli na bodaboda pande zote mbili.