DKIM: RSA peke yake, Ed25519 peke yake, au zote mbili?

Fundi_Posta
Wakuu, habari za jioni. Keshokutwa nabadilisha ufunguo wa DKIM kwenye seva ya baruapepe ya kazini. Uliopo ni RSA ya biti 1024, uliwekwa na jamaa aliyeondoka kitambo. Niweke RSA 2048, Ed25519, au nisaini kwa zote mbili? Huko nje wanapokea ipi kweli?

MzeeWaSeva
Mkuu, umetuachia nusu ya habari. Programu gani inasaini, toleo lipi? Na barua zako nyingi zinakwenda wapi?

kijana_wa_dns
Ed25519 peke yake, achana na mambo ya kale. RFC 8463 imetoka tangu 2018. Ufunguo wenyewe herufi 44 tu kwenye DNS. Wa RSA 2048 ni herufi 392, na kipande kimoja cha TXT kinabeba 255, kwa hiyo lazima uugawe vipande.

MzeeWaSeva
Kwa urefu uko sahihi. Ila kuwa na RFC ni jambo moja, mpokeaji kuisoma ni jingine. Mimi nasaini kwa zote mbili, na nikijitumia barua Gmail vichwa vinasoma hivi:

```
dkim=pass header.i=@example.org header.s=rsa1
dkim=neutral (no key) header.i=@example.org header.s=ed1
```

Ufunguo wa ed1 upo kwenye DNS, Rspamd inauona na kuuhakiki vizuri. Sasa ungekuwa na huo tu, DKIM yako Gmail haipiti, unabaki unaning'inia kwenye SPF. Barua ikifowadiwa kutoka sanduku jingine, SPF nayo kwishnei. Ukiwa na zote mbili, mpokeaji anairuka asiyoielewa, na DMARC inataka moja tu ipite kwa domeni yako.

Mama_Jarida
Samahani kuingilia. Mimi natuma jarida kwa wazazi wa shule, linaangukia kwenye spamu. Nikiweka saini mbili litatoka huko?

MzeeWaSeva
Hapana dada. Saini inaonyesha barua imetoka kwenye domeni ipi, haisemi kama watu wanaitaka. Fungua uzi wako tukusaidie huko.

Bi_Mitambo
Kabla hamjamshauri zote mbili, nisikilizeni niliyeungua. Mwaka jana niliweka rsa1 na ed1 siku moja. Paneli ya DNS ya aliyeniuzia domeni ikakata ufunguo wa RSA kwenye herufi ya 255, kimya kimya, hata onyo hakuna. Nikapima kwa kutuma kwenye seva yangu ya pili yenye Rspamd, nikaona DMARC imepita, nikalala. Kumbe iliyopita ni Ed25519! RSA ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza na mwenzake anaifunika.

Wiki iliyofuata, barua ambazo mteja wetu mmoja anazifowadi kwenda Gmail zikaanza kurudi, maana nilishaweka p=reject. Wiki mbili nzima nailaumu SPF. Nilishtuka nilipofungua ripoti za DMARC nikakuta rsa1 haijawahi kupita hata mara moja. Sasa hivi napima kila selekta peke yake:

```
dig +short TXT rsa1._domainkey.example.org
```

Angalia mkia. Ufunguo wa RSA 2048 kwa kawaida unaishia na IDAQAB. Ukikosa hizo herufi, umekatwa.

Fundi_Posta
Nimerudi, umeme ulikatika. Ni Postfix na OpenDKIM, `opendkim -V` inasema 2.10.3. Barua nyingi ni Gmail. Ufunguo wa Ed25519 nilishautengeneza kwa openssl, ila una herufi 60, unaanza na MCowBQYDK2Vw. Hizo 44 zinatoka wapi?

MzeeWaSeva
Sasa tunaelewana. Hiyo 2.10.3 ni ya 2015, haisaini Ed25519, hata uibembeleze. Na ufunguo wako bado una ganda lake; DKIM inataka baiti 32 tupu:

```
openssl pkey -in ed1.pem -pubout -outform DER | tail -c 32 | base64
```

Kwenye rekodi uandike `k=ed25519`. Ukiisahau, mpokeaji anauchukulia kuwa RSA na saini inaanguka.

kijana_wa_dns
Basi aweke RSA 4096 amalize.

Bi_Mitambo
Paneli iliyoshindwa na 392, ndiyo uipe zaidi ya 700?

kijana_wa_dns
Si ahame paneli!

Fundi_Posta
Bosi hatakubali nihamie Rspamd wiki hii. Keshokutwa nawasha RSA 2048, ya 1024 naiacha kwenye DNS siku kadhaa kwa ajili ya barua zilizo njiani. Ed25519 nitaona mwezi ujao, ingawa kama Gmail haiisomi sijui nitamwambia bosi inatusaidia nini.

MzeeWaSeva
Wanaoisoma wapo, mkuu.

Bi_Mitambo
Wateja wake wako Gmail, Mzee.

Mama_Jarida
Nimefungua uzi. Hiyo dig inaandikwa wapi kwenye simu?