Tupeane uzoefu: mliowahi kudai haki kazini kwa kundi, karatasi ya majina na sahihi iliwatendaje?

Fundi wa Changarawe (Mafinga)
Kamwene wakuu. Naanza mimi maana nilikuwa mwakilishi na bado kuna watu hawanisalimii. 2023 tulikuwa 31 kwenye kiwanda cha mbao huku Mufindi, tukapewa barua zote siku moja kwamba kazi imepungua, hakuna kikao wala nini, tumefika asubuhi geti limefungwa mlinzi anagawa bahasha. Tukakaa chini ya mti pale stendi ya malori tukakubaliana mimi na mama mmoja wa stoo tuwawakilishe, tukapanda basi hadi Iringa CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, pale kufungua shauri hulipi kitu. Fomu, yaani CMA F1, tukajaza jina langu "na wenzake 30", tukadhani tumemaliza.

Karani akatuuliza orodha iko wapi, kila mtu na sahihi yake kwamba amewatuma nyie. Tukarudi Mafinga kuisaka na hapo ndo shida ilianza, kwa sababu watu wakishaachishwa hawakai kukusubiri, wengine walishaenda Makete na Kilolo kulima, simu hazishiki mpaka apande mlimani. Tulipata sahihi 26. Siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa kazi zinahesabiwa toka siku ile ile ya kuachishwa na sisi tulikuwa siku ya 27 tukasema pelekeni hivyo hivyo, hao watano tutawaongeza mbele ya safari.

Usuluhishi ukashindikana. Tukaja kwa mwamuzi, wakili wa kiwanda akaweka pingamizi, akanyanyua ile karatasi akauliza namba 14 na namba 17 mbona mkono mmoja, kalamu ileile, hata ile herufi ya mwisho imepinda vilevile. Kumbe 14 alimsainia shemeji yake aliyekuwa amelazwa, kwa roho safi kabisa. Matokeo yake 17 akatolewa pamoja na wale watano ambao hawakuwepo kabisa kwenye karatasi. Tukabaki 25.

Mama Tuma (Mwanjelwa)
Pole kaka. Na sisi kwenye kikoba chetu mwakilishi alibeba hela ya mwaka mzima akahamia Tunduma, hii CMA inapokea kesi kama hizo?

Katibu Mstaafu (Mbeya)
Mama Tuma hapana dada yangu, pale ni mwajiri na mwajiriwa tu, hilo la kikoba mna njia nyingine kabisa.

Fundi umeeleza vizuri, wengi wanaangukia hapo hapo. Kanuni za usuluhishi na uamuzi za 2007, kanuni ya 5, inaruhusu mmoja asaini fomu kwa niaba ya wenzake ila iambatane na orodha ya maandishi ya waliomtuma na kila mmoja amesaini mwenyewe. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mgonjwa mpelekee karatasi wodini, ndo maana nilipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi nilikuwa natembea na kidau cha wino mfukoni kama mpiga muhuri.

Chai ya Bibi (Tukuyu)
Sie tulikuwa wachumaji, tulipitia chama na hatukusaini chochote. Ukikatwa ada ya chama kwenye mshahara inatosha, chama kinakusemea. Hayo ya kusaini ni kwa wasio na chama.

Katibu Mstaafu
Nusu ni kweli bibi. Kiongozi wa chama anaruhusiwa kukuwakilisha wewe mwanachama, hilo halina ubishi. Lakini anawakilisha nani na nani lazima lionekane kwenye karatasi, na wa kwanza kuuliza atakuwa wakili wa mwajiri. Nimeona tawi linapeleka "wafanyakazi wote wa shamba" halafu nusu yao si wanachama, hawajawahi kujaza fomu ya makato, wakabaki nje wanashangaa. Nyie pengine katibu wenu aliambatanisha orodha bila kuwaambia. Mimi nilikuwa nachukua orodha yenye sahihi hata kwa wanachama wenye makato ya miaka kumi, nilale usingizi.

Chai ya Bibi
Kuna siku tulipanga foleni kwenye mizani kusaini tukaambiwa ni ya gumbuti. Labda ndo hiyo.

Dereva Mstaarabu (Makambako)
Kwetu sahihi zilikuwepo zote 12, kilichotuua ni hesabu. Mwakilishi aliandika tunadai jumla milioni kadhaa, basi. Hakuna nani kaanza lini, nani analipwa ngapi. Tuliposhinda ikaandikwa "walalamikaji walipwe" na jumla yake tu, majina mengine hayapo, sasa nenda kakazie hukumu uone. Wenye miaka 2 wanataka sawa na mwenye miaka 9. Tuligombana sisi kwa sisi kuliko tulivyogombana na bosi.

Fundi wa Changarawe
Hapo yule mama wa stoo alitusaidia sana, alichora daftari la counter book mistari: jina, tarehe ya kuanza, mshahara wa msingi, anadai nini. Mfano mimi msingi 182,000, unagawa kwa 26 unapata 7,000 kwa siku, kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliotimia na haizidi miaka 10, mi nilitimiza 4 kwa hiyo 7,000 mara 7 mara 4 ni 196,000. Hapo bado notisi, kwa sisi wa mshahara wa mwezi ni siku 28, na fidia ya kuachishwa bila kufuata utaratibu, hiyo ndo hela yenyewe. Kila mtu akaona yake, hakuna aliyeniuliza "mbona yake kubwa".

Kijana wa Ilula
Sasa wale sita waliotolewa? Si mngegawana tu mlichopata.

Fundi wa Changarawe
Wanne waliomba kuongezewa muda. Wawili walisema wameshachoka. Yule wa hospitali alikuwa na karatasi za kulazwa akakubaliwa, wengine watatu walisema "tulikuwa shamba", wakaulizwa kila siku iliyochelewa ulikuwa wapi na kwa nini hukupiga simu, wakakataliwa. Hapo ndo nalaumiwa, kwamba ningesubiri siku tatu zilizobaki. Lakini nisingezipata hizo sahihi kwa siku tatu, Makete mvua ilikuwa inanyesha gari hazipandi.

Katibu Mstaafu
Usingesubiri, ulifanya sawa, 25 wangepotea pia. Kosa ni kuwaambia watano "tutawaongeza" bila kuwapelekea fomu yao wenyewe. Mtu mmoja Makete angeweza kujaza CMA F1 yake na kuituma kwa gari la abiria ifike kabla ya siku 30, halafu mkaomba mashauri yaunganishwe. Na kama walikuwa na mishahara au saa za ziada hazijalipwa, hizo zina siku 60, walikuwa bado na dirisha, kwa nini hakuna aliyewaambia?

Fundi wa Changarawe
Hiyo ya siku 60 sikuijua. Nimemtumia mmoja wao hii hapa asome, amejibu "sasa unaniambia leo".

Mama Tuma
Na ya kikoba jamani, njia nyingine ni ipi?