Dhahabu: bei imekaa mbali na wastani, nikauza, nikaungua. Nilikosea wapi?

MchoraChati_Mza

Wakuu habari zenu. Naomba mnikosoe bila huruma, ila msinitukane.

Mwaka jana, 2025, nilifanya biashara ya XAUUSD kwa wazo moja tu: bei ikienda mbali na wastani wake lazima irudi, kama mpira wa manati. Tarehe 9 Septemba dhahabu ilikuwa 3,670. Wastani wa siku 50 ulikuwa karibu 3,380, maana yake bei ilikuwa zaidi ya asilimia 8 juu yake. Nikapitia chati ya miezi ya nyuma, nikaona ikifika hapo mara nyingi huwa inapoa. Nikauza loti 0.02, lengo langu 3,400.

Haikuniunguza mara moja. Wiki iliyofuata ilishuka mpaka 3,630 na ushee. Nilikuwa kwenye faida, sikufunga, nasubiri 3,400. Ikageuka. Tarehe 23 nikaongeza loti 0.02 nyingine kwenye 3,760, nikijiambia "sasa imevutika zaidi, itarudi kwa nguvu zaidi". Mwanzoni mwa Oktoba nikafunga zote 3,880. Kwenye dola 900 nilibakiwa na kama 240.

Kinachoniuma ni kwamba tarehe 21 Oktoba ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Kwa hiyo wazo langu lilikuwa sahihi, muda ndio haukuwa sahihi? Au hata wazo lenyewe bovu? Na mnapimaje kwamba sasa imevutika kweli, si trendi tu yenye afya?

Dotidoti254

Bro kwa mambo ya paraboliki kuna Parabolic SAR, iko ndani ya MetaTrader tayari. Vidoti vikiwa chini ya mishumaa unanunua, vikihamia juu unauza. Ungeiweka hungepigwa hivyo.

MchoraChati_Mza

Asante mkuu, vidoti navijua. Mimi nazungumzia bei kupanda kwa mkunjo, kila wiki mwinuko unakuwa mkali kuliko wiki iliyopita. Sidhani ni kitu kimoja.

Satoshi_wa_Buza

Kwenye bitikoini hili lilishamalizika zamani. Gawanya bei kwa wastani wa siku 200. Ukipata zaidi ya 2.4, uza, nenda kalale. Huna haja ya mengine.

Mzee wa Mishumaa

Buza, kipimo hicho nakiheshimu, lakini usimpe mtu namba moja kama dawa ya mwarobaini. Januari 2021 bitikoini ilipofika 42,000 kipimo chako kilikuwa kimeshavuka 2.4, na bado ikaenda mpaka 64,000 mwezi Aprili. Halafu kile kilele cha 69,000 cha Novemba mwaka huohuo kilikuja kipimo kikiwa kama 1.5 tu. Aliyekuwa anasubiri 2.4 aliporomoka na bei mpaka chini.

Mchora, nirudi kwako. Kosa lako la kwanza sio muda. Umesema bei ikiwa mbali na wastani "lazima irudi". Umbali unaweza kufungwa kwa njia mbili: bei ishuke kuufuata wastani, au bei isimame na wastani upande kuifuata. Wewe uliweka pesa kwenye njia moja tu. Tazama lengo lako: ulipouza, wastani wa siku 50 ulikuwa 3,380. Ulipofunga mwanzoni mwa Oktoba ulikuwa umeshafika karibu 3,500. Lengo lilikuwa linakukimbia huku wewe umekaa.

Hata baada ya lile anguko la Oktoba ilikuwa hivyo hivyo. Bei ilitoka 4,380 ikaja chini kidogo ya 3,900 mwishoni mwa mwezi, wastani wa 50 ukiwa bado huko chini karibu 3,780. Haikuugusa. Kisha katikati ya Novemba bei ikawa inazunguka 4,000 hadi 4,200 na kitu, na wastani ukapanda wenyewe mpaka karibu 3,950. Umbali ulifungwa, lakini nusu ya kazi aliifanya wastani. Kwa mfano wako wa manati: mkono ndio uliofuata mpira.

Kamwene

Mzee hapo sawa. Ila hujamjibu swali lake: anapimaje?

Mzee wa Mishumaa

Nakuja, nilikuwa sokoni kwenye nyanya, sio kwenye dhahabu.

Asilimia peke yake inadanganya, kwa sababu asilimia 8 ya dhahabu si sawa na asilimia 8 ya shilingi dhidi ya dola wala ya bitikoini. Mimi napima kwa hatua za kawaida za siku za kitu chenyewe:

```
(bei - SMA50) / ATR14
```

ATR14 inakupa bei huwa inatembea kiasi gani kwa siku. Siku uliyouza ilikuwa karibu dola 40. Umbali wako ulikuwa dola 290, kwa hiyo kama hatua 7. Hiyo kwa dhahabu ni mbali kweli, sikukatalii. Ungekuwa umeshika ununuzi ningekuambia punguza kidogo, usiongeze. Lakini kuuza ni swali jingine.

Sasa angalia kilele, 20 Oktoba. Bei ilifunga karibu 4,355, wastani wa 50 kama 3,690. Umbali ni asilimia 18, zaidi ya mara mbili ya ule wako. Lakini ukigawa kwa ATR ya siku hiyo, ambayo ilishavimba kati ya 80 na 90, unapata hatua 8 tu. Yaani kwa kipimo hiki Septemba na kilele vinafanana! Ndiyo kasoro yake: trendi ikianza kupiga mbio, mishumaa inarefuka, kigawanyo kinakua, na kipimo kinakuambia "mbona kawaida tu" wakati ambapo si kawaida hata kidogo. Ndiyo maana kwenye mkunjo mimi nagawa kwa ATR ya kabla ya mbio kuanza, ile ya 40. Hapo unapata zaidi ya 16.

Kamwene

Na nani anaamua mbio zilianza lini? Wewe umechagua 40 kwa sababu unajua mwisho wa hadithi. Mtu wa tarehe 6 Oktoba angechagua ipi?

Mzee wa Mishumaa

Hoja nzito, na sina jibu safi. Mimi nachukua siku bei ilipovuka kilele cha zamani, kwa dhahabu ni mwanzoni mwa Septemba ilipoiacha 3,500 ambayo iliigonga Aprili. Mwingine atachagua siku nyingine. Ndiyo maana siitumii peke yake.

Cha pili ni huo mkunjo wenyewe, na hauhitaji kiashiria. Hesabu siku. Dhahabu ilivuka 3,600 tarehe 8 Septemba, na kutoka hapo mpaka kukaa juu ya 3,700 ilichukua wiki mbili. Ilivuka 4,000 tarehe 8 Oktoba, 4,100 tarehe 13, 4,200 tarehe 15, 4,300 tarehe 16. Yaani kutoka wiki mbili, zikawa siku tatu za biashara, zikawa mbili, ikawa moja. Dola 100 ni asilimia ndogo kidogo bei ikiwa juu, hilo nalijua, lakini haielezi tofauti kubwa hivyo. Mwendo wa aina hiyo hauwezi kuendelea, kwa sababu baada ya siku moja inabidi iwe nusu siku, kisha saa.

Sasa linganisha na Septemba uliyouza wewe. Kulikuwa na mbio za namna hiyo? Hazikuwepo. Bei ilikuwa mbali na wastani, lakini mwendo wake ulikuwa wa kawaida. Hapo ndipo wazo lako lilipopungua: ulipima umbali, hukupima kasi.

Satoshi_wa_Buza

Nimekubali ya 2021. Ila kwa dhahabu wastani wa 200 ungefanya kazi. Vilele vya Septemba 2011 na Agosti 2020 vyote bei ilikuwa zaidi ya robo juu ya wastani wa siku 200. Nimetoka kupima sasa hivi.

Mzee wa Mishumaa

Umepima vizuri. Sasa ipeleke 2025: hiyo robo ilifikiwa karibu 4,030, tarehe 8 Oktoba hivi. Ukipunguza hapo, sawa. Ukiuza hapo kama Mchora, unapigwa dola 350 nyingine juu kabla ya anguko. Na anguko lenyewe lilirudisha bei karibu palepale ulipouzia. Umepata nini?

BintiMuscat

Samahani ndugu zangu, mimi si mtu wa chati. Niko Oman, mdogo wangu anaoa na tunatakiwa kununua dhahabu ya bibi harusi. Nikisoma hapa naelewa kwamba bei ikipanda haraka sana ni vizuri kusubiri? Mama ananisukuma ninunue sasa.

Mzee wa Mishumaa

Dada, hongereni. Wewe usisome uzi huu kama sisi. Bei ikiwa na mbio kama zile za Oktoba, kusubiri wiki chache si vibaya kama harusi iko mbali, lakini umeona hapo juu: hata ilipoanguka haikurudi ilikotoka Septemba. Nunua nusu, nusu nyingine mwezi unaofuata. Na ujira wa fundi wa bangili ubishane nao zaidi kuliko bei ya dunia.

MchoraChati_Mza

Mzee nimekusoma. Kwa hiyo ishara ya kutoka ni ipi? Kusema "imevutika" na "sasa toka" ni vitu viwili.

Mzee wa Mishumaa

Mimi nikishaona umbali na kasi vimekutana, nahamishia ulinzi kwenye wastani wa siku 10. Bei ikifunga chini yake, natoka, sibishani. Tarehe 21 Oktoba ilifunga karibu 4,125 na wastani wa 10 ulikuwa juu ya 4,150. Unatoka siku ileile. Umekosa kilele kwa dola 250, lakini ulikuwa upande wa wanunuzi njia nzima.

Kamwene

Na katikati ya Septemba? Tarehe 18 bei ilifunga kwenye huo mstari wa 10 wenyewe, yaani pua kwa pua. Anayetumia wastani wa kawaida na anayetumia EMA hawakupata jibu moja siku hiyo. Mimi ndiyo maana natumia 20. Oktoba ilinitoa tarehe 27, karibu 3,980. Nimelipia utulivu dola kama 150.

Mzee wa Mishumaa

Septemba nisingekuwa kwenye 10, mbio hazikuwa zimeanza. Ningekuwa kwenye 20 kama wewe. Nahamia 10 siku zikianza kufupika tu. Tukikutana nitakuonyesha daftari, utaona pia mara nilizohama mapema nikaachwa barabarani.

MchoraChati_Mza

Nimerudi kwenye demo. Nimeanza kuandika siku kwa kila dola 100 tangu Januari 2024, nimefika Mei. Kuna sehemu moja pale Machi hadi Aprili 2024 siku zinafupika, kisha bei haikuanguka, ililala tu miezi kadhaa. Hiyo naiweka kundi gani?

Mzee wa Mishumaa

Pima wastani wa 50 ulikuwa wapi mwezi Juni, kisha uniambie nani alimfuata nani.