Mtu kaacha paswedi kwenye repo miezi minane, nimeitoa, leo naambiwa mimi ndo nimeua sistimu

mchovu_wa_kodi

Wakuu salama? Mi si salama. Nimetoka mitingini sa hivi, mikono inatetemeka, na uzi huu nauandikia chooni kwa sababu nikirudi mezani kwangu nitamrushia mtu kiti.

Kila ofisi ina yule jamaa. Simtaji, mnamjua. Yeye anakomiti kila kinachopumua. Siku ya kwanza nimefungua repo nikakuta `.idea` yake yote, nikakuta folda la `build` zito kama gunia la mkaa, nikakuta picha ya harusi ya dada yake, na katikati hapo imekaa `.env` tupu kama mtoto anayeogeshwa uani: paswedi ya databesi, funguo ya kutumia SMS, kila kitu. Miezi minane. Hata yule dogo wa fildi aliyeshaondoka anayo kwenye laptopu yake huko aliko.

Nikamwambia kwa upole, kaka, hii haijakaa sawa. Akasema poa. Dakika mbili baadae kaleta komiti imeandikwa "nimerekebisha". Naifungua nakuta kaongeza mstari mmoja tu kwenye `.gitignore`, umeandikwa `.env`, basi, kaenda kuvuta sigara. Faili lenyewe bado lipo! Nikamwita nikamwonyesha:

```
$ git ls-files .env
.env
```

Ikikutajia jina hivyo maana yake bado inalifuatilia. Gitignore inazuia faili ambalo git haijaanza kulifuatilia, hili inalijua tangu mwaka jana, we unafunga geti wakati mgeni yuko sebuleni anakunywa chai. Akaniangalia weee, akasema "labda kompyuta yako inachelewa".

Basi jana jioni nikafanya mwenyewe, nikaanza na hilo moja, mengine nikasema kesho:

```
git rm --cached .env
git commit -m "Toa .env kwenye repo"
git push
```

Hiyo `--cached` inafanya git iliachie faili bila kuligusa kwenye diski. Kwangu limebaki, nimeangalia kwa macho yangu. Nikalala usingizi wa shujaa.

Asubuhi huyu kaingia kwenye seva kapiga `git pull`. Sistimu chali. `.env` ya seva haipo. Wateja wanapiga simu mpaka kwa mlinzi. Tumeitwa mitingi, bosi anauliza kimetokea nini, na huyu kiumbe, huku anatafuna andazi LANGU nililoliacha mezani, anamwambia bosi: "Kuna mtu kafuta env. Ilikuwa inafanya kazi."

ILIKUWA INAFANYA KAZI. Na andazi mdomoni. Bosi kanigeukia MIMI.

Kaa_la_Moto

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

mzee_wa_kupushi

Hahaha sasa mleta mada si kweli umefuta wewe? Mbona jamaa hajasema uongo? Ilikuwa inafanya kazi, ukaja, haifanyi kazi. Bosi ana akili.

mchovu_wa_kodi

Mzee usinichanganye, nimekwambia nimetumia `--cached`! Kwangu faili lipo! Na andazi lilikuwa langu!

Mama_Seva

Mwanangu punguza hasira kwanza, hapo mnakosea wote wawili.

`--cached` imelinda faili kwenye kompyuta yako tu. Ile komiti uliyopushi, ukiisoma, imeandika kwamba `.env` imefutwa. Mwenzako akipuli, git kwake inatekeleza kilichoandikwa, inalifuta diskini. Na mstari wa gitignore haulindi kitu hapo kwa sababu kwake lile faili lilikuwa bado linafuatiliwa mpaka sekunde ile. Ulitakiwa kusema kwenye grupu "jamani kabla hamjapuli nakilini `.env` pembeni". Hukusema.

Ila kuna kitu kinanikera zaidi. Lilifutika kimya kimya au git iligoma kwanza?

mchovu_wa_kodi

Kimya kimya shikamoo mama. Hamna kosa lolote, imepuli vizuri kabisa, halafu sistimu ikafa na mtu akaanza kutafuna.

Mama_Seva

Marahaba. Basi hapo ndo pabaya. Kama `.env` ya seva ingekuwa na tofauti hata herufi moja na ile ya kwenye repo, git ingegoma kupuli, ingelalamika kwamba kuna mabadiliko yako yatafutwa. Kwa kuwa imeifuta bila kuuliza, maana yake zilikuwa sawasawa. Yaani paswedi iliyokaa kwenye repo miezi minane haikuwa ya majaribio. Ndo hiyo hiyo ya seva, ya wateja wa kweli, na dogo wa fildi anayo.

Kaa_la_Moto

Daaaah. Kahawa imenipalia.

mchovu_wa_kodi

Mama nimekaa chini. Chooni. Nimekaa chini chooni.

mzee_wa_kupushi

😂😂😂 Mleta mada sistimu bado imekufa au mnashindana tu humu?

mchovu_wa_kodi

Imeshaamka, nimeirudisha mwenyewe wakati yeye anamalizia andazi. Pale kwenye seva nimechukua kutoka komiti ya nyuma yake:

```
git show HEAD~1:.env > .env
```

Sekunde moja, faili limerudi na paswedi zake zote, na git safari hii hata hailioni maana sasa gitignore inafanya kazi. Bosi hakusema hata asante. Alisema "mwe mnaulizana".

Mama_Seva

Sasa isome tena hiyo amri yako polepole. Ulichofanya wewe kwa sekunde moja, yeyote mwenye kloni ya hiyo repo anaweza kukifanya. Haijatoka. Imetoka kwenye komiti ya leo, za nyuma zote zinayo.

Fundi_Sanifu

Hiyo mbona ndogo, kuna kitu kinaitwa `git filter-repo`, unasafisha historia yote imeisha:

```
git filter-repo --invert-paths --path .env
```

Ukishapushi kwa nguvu hakuna mtu ataiona tena. Acheni kutisha watu.

Mama_Seva

Fundi, amri yako ni sahihi, ila hiyo "imeisha" ndo siikubali. Inabadilisha namba za komiti kuanzia pale faili lilipoingia mpaka leo, kwa hiyo timu nzima inabidi ikloni upya, na akitokea mmoja akapushi kutoka kloni ya zamani anairudisha historia chafu kama ilivyokuwa. Na laptopu ya yule dogo utaisafisha na filter gani? Paswedi ibadilishwe leo. Ya databesi ibadilishwe, ile funguo ya SMS ifutwe itolewe mpya. Ikishakuwa haifungui kitu, hata ikibaki kwenye historia ni maandishi tu.

Fundi_Sanifu

Sawa mama kubadilisha abadilishe, sikatai, ila historia nayo lazima isafishwe. Siku kampuni inakaguliwa mtu anakuta paswedi kwenye komiti utamwelezaje kwamba imekufa?

Mama_Seva

Namwambia ajaribu kuingia nayo. Mi siwezi kuvuruga repo ya watu kumi kwa ajili ya aibu.

Fundi_Sanifu

Aibu nayo ni hasara.

binti_wa_java

Samahani nadandia, maana umetaja folda la `build` nikakumbuka machungu yangu. Mi wangu alifanya kinyume, mkali wa usafi, kaandika `build/` kwenye gitignore. Mi nna folda la kodi yangu mwenyewe linaitwa `src/build`, nimeandika humo wiki mbili, napushi kila siku, kila siku git inasema hakuna kipya, najua nimepushi. Laptopu ikaibiwa kwenye daladala. Nakloni kwenye mpya, folda HALIPO. Wiki mbili. Nimelia na kondakta ananiangalia.

Kaa_la_Moto

Yesu wangu.

binti_wa_java

Nilivyoanza kuandika upya ndo nikaiuliza git kwa nini:

```
$ git check-ignore -v src/build/Mpango.java
.gitignore:3:build/	src/build/Mpango.java
```

Mstari wa tatu, umeukamata kabisa. Kumbe `build/` bila mkwaju mbele inakamata folda lolote lenye jina hilo popote lilipo, alitakiwa aandike `/build/` ndo ingeshika lile la juu tu. Nikamwambia. Akanijibu "si ungeita jina lingine". SI UNGEITA JINA LINGINE.

mchovu_wa_kodi

Pole dada, ila mi kwangu hiyo amri nilishaijaribu kwa `.env` haikujibu chochote, nikajua nimekosea kuandika mstari.

Mama_Seva

Ni kwa sababu faili lilikuwa linafuatiliwa, na kwa faili la hivyo inanyamaza hata kama mstari uko sawa. Ungeongeza `--no-index` ingekutajia mstari. Ikinyamaza hata na hiyo ndo ujue mstari wenyewe mbovu.

Kijana_wa_Mbagala

Wakuu mi naomba kuuliza, hii gitignore inaweza kuzuia namba ya ex? Maana ananipigia usiku.

mzee_wa_kupushi

Haiwezi, ex alishafuatiliwa tayari. Tumia `git rm` bila `--cached`.

Kijana_wa_Mbagala

😂😂 nimekuelewa mkuu.

Fundi_Sanifu

Turudi kwenye `.idea`. Mleta mada nataka kukuuliza, umepanga kuiandika kwenye gitignore ya mradi? Maana na mi nina kero na watu wa aina hiyo. Mafaili ya edita yako ni takataka zako binafsi, weka kwenye gitignore ya kompyuta yako, usinijazie mradi orodha ya edita za dunia nzima:

```
git config --global core.excludesFile ~/.gitignore_global
```

binti_wa_java

Hapana kaka, hapo sikubaliani. Ukimwachia kila mtu aweke kwake, yule jamaa wa mleta mada utamwachia nani? Hata hajui kama ana kompyuta yake. Mstari mmoja wa `.idea/` kwenye mradi unakuuma nini?

Fundi_Sanifu

Unaanza mmoja, unaishia mistari mia mbili na hakuna anayejua nusu yake ni ya nini. Halafu kuna timu wanakomiti baadhi ya vitu vya `.idea` makusudi, ili wote wapange kodi kwa mtindo mmoja.

mzee_wa_kupushi

Hao wanaopanga kodi kwa mtindo mmoja ndo wanaogombana nafasi nne au tabu. Kwetu kuna mmoja alibadilisha mafaili yote usiku kucha, asubuhi kila mstari wa mradi una jina lake.

Kaa_la_Moto

Tabu ni tabu kweli. Nafasi mbili ndo mpango mzima.

binti_wa_java

Mbili?? Wewe ni wa kuripotiwa.

mchovu_wa_kodi

Jamani uzi wangu. Paswedi nimebadilisha, ya SMS bosi ndo anayo akaunti na amesema "tutaangalia wiki ijayo". Na huyu jamaa kaniletea meseji sa hivi, anaomba nimtumie `.env` mpya kwenye grupu la wasapu la ofisi.

Fundi_Sanifu

Nafasi nne. Mbili macho yanauma.

Kijana_wa_Mbagala

Mleta mada hayo maandazi mnanunua wapi?