Tupeane uzoefu: barua ya kuwaeleza maharusi namna picha zao zitakavyohaririwa na kusafishwa

Mwenye mada

Ndugu wadau, naomba wapigapicha wa harusi, pamoja na wale waliokwisha kuwa maharusi, tupeane uzoefu juu ya ile barua ambayo mpigapicha huwaandikia maharusi kuwaeleza mtindo wake wa kuhariri na utaratibu wa kuomba marekebisho. Mimi huituma kabla ya harusi, kwa sababu mtu akiusoma utaratibu huku tayari ameudhiwa na picha, huuona kuwa ni utetezi. Sehemu yake kubwa ni hii:

> Wapendwa maharusi watarajiwa,
>
> Picha zote mtakazopokea zitakuwa zimehaririwa. Maana yake ni kwamba nitakuwa nimesawazisha mwanga, nimenyoosha zilizokaa upande, nimekata pembezoni inapobidi, na nimeziweka rangi ili gauni jeupe lionekane jeupe na ngozi zenu zionekane kama zinavyoonekana mchana karibu na dirisha. Simng'arishi mtu ngozi ikawa nyeupe kuliko ilivyo, hata ndugu zake wakiniomba.
>
> Kusafisha ni kazi nyingine. Hapo naikuza picha moja mpaka vinyweleo vinaonekana, kisha nashughulikia sehemu ndogondogo kwa mkono: chunusi iliyotoka asubuhi ile, uzi uliochomoza kwenye shela, waya uliopita nyuma ya kichwa, mng'ao wa jasho kwenye paji la uso. Picha moja huweza kuchukua dakika chache, nyingine ikachukua saa nzima, na ndiyo sababu mtanichagulia picha 20 tu. Katika hizo, jambo ambalo lingetoweka lenyewe baada ya wiki mbili nitaliondoa bila kuuliza. Jambo la kudumu, kama kovu au alama ya kuzaliwa, sitaligusa mpaka mwenye mwili aniombe mwenyewe.
>
> Maombi yaje katika orodha moja, ndani ya siku 14 tangu mpokee picha, mkiwa mmekubaliana nyote wawili. Kila ombi litaje namba ya faili, mahali, na jambo lenyewe. Mkiandika "IMG_4127, ondoa chunusi iliyo juu ya nyusi ya bibi harusi, upande wa kulia wa anayeitazama picha", nitalitekeleza bila kuwasumbua tena. Mkiandika "zile za ukumbini zichangamshwe kidogo", itabidi niwaulize ni zipi, na kuchangamka kwa namna gani.
>
> Mkitaka mtindo wa picha zote ubadilike, hayo si marekebisho bali ni kuhariri upya tangu mwanzo. Kwa hiyo nimeambatanisha picha zote za harusi moja, tangu maandalizi mpaka usiku. Tafadhali zitazameni zote, hasa za usiku.

Barua hii inanisaidia sana, lakini kuna mahali inapokwama karibu kila mara, nako ni kwenye picha zilizopigwa chini ya taa za rangi ukumbini. Maharusi huomba ngozi zirudi kuwa za kawaida, na mimi sijapata maneno mepesi ya kuwaandikia mapema kwamba huenda isiwezekane. Wenzangu mnaandikaje?

Kamera Mkononi

Mkuu, mimi jambo hilo sikuliandika kabisa kwenye barua yangu, kwa sababu napiga kwa RAW. Faili la RAW limehifadhi kila kilichoonwa na kamera, kwa hiyo rangi yoyote iliyoharibika unairudisha baadaye kwa kusogeza vitelezi viwili. Anayepiga kwa JPEG ndiye mwenye wasiwasi.

Mzee wa Chumba cha Giza

Ndugu Kamera Mkononi, uliyosema ni kweli kwa taa ya kawaida iliyozidi unjano, au kwa kivuli kilichozidi ubuluu. Mwanga wa aina hiyo bado umebeba rangi zote, ila zimepishana viwango, na RAW inakupa nafasi ya kuzisawazisha. Taa ya LED iliyowekwa kwenye zambarau ni jambo tofauti, kwa kuwa humwaga nyekundu na bluu, na kijani inakuwa karibu haipo. Kamera haiwezi kuhifadhi kilichokuwa hakipo ukumbini. Tena mara nyingi bluu huwa imejaa mpaka ukingoni, na rangi ikijaa hivyo undani wake umepotea hata ndani ya RAW.

Kulitambua si vigumu. Kuza uso kwenye kompyuta, na ukikuta shavu na pua vimeungana kuwa bapa moja la zambarau, bila mpaka na bila vinyweleo, jua hapo hakuna cha kurudisha. Ukumbini kwenyewe usiitegemee histogramu nyeupe ya kamera, yaani ile grafu ya viwango vya mwanga, maana inaweza kukuonyesha kwamba mambo yako shwari katikati huku rangi moja imebanana ukingoni kulia. Weka ile inayoonyesha rangi tatu, kila moja peke yake.

Nieleze kisa kimoja. Maharusi fulani waliniomba nisahihishe ngozi katika picha zote za dansi yao ya kwanza, iliyochezwa chini ya taa ya zambarau tangu mwanzo hadi mwisho. Nilizigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile ambazo flashi yangu ya pembeni ilikuwa imewapiga usoni. Flashi ina mwanga mweupe kamili, kwa hiyo zambarau ilikuwa imebaki kwenye kingo za mashavu na mabegani tu. Nikatenga sehemu hizo, nikapunguza ukali wa zambarau, na nikaiacha rangi ya ukumbi nyuma yao kama ilivyokuwa. Fungu la pili ni zile zisizo na flashi, ambazo nilizigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Hata katika kuzigeuza, nilipunguza mchango wa bluu iliyojaa na kutegemea nyekundu zaidi, ambayo ilikuwa bado ina umbo la uso. Chenga ziliongezeka, lakini macho na tabasamu vilionekana.

Tangu hapo barua yangu ina maneno haya: "Taa za rangi zikiwashwa ukumbini, ngozi zenu zitachukua rangi hiyo. Nitawamulika kwa flashi kila inapowezekana, na picha ambazo flashi haikuzifikia mtazipokea ama na rangi ya taa ama zikiwa nyeusi na nyeupe. Mkipenda ngozi zionekane kwa rangi yake, mwombeni mwenye taa aweke nyeupe wakati wa dansi ya kwanza." Sentensi hiyo ya mwisho imenipunguzia kazi kuliko programu yoyote niliyowahi kuinunua.

Kamera Mkononi

Nimefungua faili zangu za zamani na kutazama, mzee wangu. Hilo bapa lipo. Ila bado naamini kwa taa za njano RAW inatosha.

Mzee wa Chumba cha Giza

Kwa njano ya kawaida inatosha, hilo hatubishani.

Bibi Harusi wa Zamani

Naomba niseme kama mteja. Mimi sikupewa barua yoyote. Mpigapicha wetu alinikabidhi picha nzuri sana, ila katika zile kubwa za ukutani alikuwa ameuziba mwanya wangu wa meno ya mbele. Nina hakika alidhani ananisaidia. Mama yangu aliitazama ile picha kwa muda, kisha akaniuliza ni nani yule. Niliporudi kuomba mwanya wangu urejeshwe, niliambiwa faili la kabla ya kusafishwa limeshafutwa. Kwa hiyo, mwenye mada, pale ulipotaja kovu na alama ya kuzaliwa, nakuomba uongeze mwanya, na uandike pia kwamba utaitunza picha ya kabla ya kusafisha mpaka wao waseme wameridhika.

Mwenye mada

Dada, pole sana. Nimeyaongeza yote mawili leo hii.

Mtafuta Jibu

Habari zenu wote. Mimi nina picha moja ya familia ambayo ndani yake yuko mtu tuliyeachana naye kwa ubaya. Je, katika hizo picha 20 naweza kuomba aondolewe?

Mzee wa Chumba cha Giza

Ndugu yangu, mada ni barua, lakini swali lako linajibika. Yote hutegemea alisimama wapi. Aliyesimama mwisho wa mstari huondoka kwa kukata picha tu. Aliye katikati amefunika mabega ya watu wawili, na mabega hayo hayapo popote, kwa hiyo itabidi yabuniwe au yachukuliwe kutoka picha nyingine iliyopigwa mahali palepale, kwa pembe ileile na mwanga uleule. Picha hiyo ikikosekana, mimi hukataa, kwa sababu mkono uliobuniwa hujulikana. Mtu aliyefumba macho naye humtibu vivyo hivyo, kwa kuazima uso wake kutoka picha ya sekunde chache kabla au baada, na ndiyo maana kila kundi nalipiga mara kadhaa bila kamera kusogea.

Fundi wa Albamu

Mimi kazi yangu ni kuchapa, na ninayo mawili ya kuongeza kwenye barua hiyo. La kwanza, orodha ya marekebisho ikamilike kabla albamu haijaagizwa, kwani ukurasa ukishachapwa, kuondoa chunusi moja ni kuuchapa upya. La pili, waambieni watazame picha kwenye kioo cha namna gani. Wengi huzifungua usiku kitandani, simu ikiwa kwenye hali ya usiku inayoongeza unjano, halafu wanalalamika kwamba ngozi ni za njano. Wengine huweka mwangaza wa simu mwisho kabisa, na albamu ikifika wanaiona ina giza, wakati karatasi haina taa nyuma yake. Wazitazame mchana, hali ya usiku ikiwa imezimwa na mwangaza ukiwa wa kati, ndipo waandike orodha.

Lenzi ya Kati

Kuna ombi ambalo barua ya mwenye mada imelinyamazia, nalo ni la kupunguzwa mwili. Mimi nalitimiza kwa mwenye mwili akiomba, lakini nimeandika mipaka yake, kwani ukiuvuta mkono ndani, kila kilicho nyuma yake huvutika pia. Fremu ya mlango hupinda, mistari ya vigae hujikunja kama wimbi, na jicho hulikamata kosa hilo kabla ya kuutazama mkono. Penye ukuta mtupu inawezekana kidogo. Katika picha ya kundi sikubali kabisa.

Bibi Harusi wa Zamani

Mimi nisingependa hata liandikwe kwenye barua. Ukimtajia bibi harusi kwamba anaweza kupunguzwa, umeshamwambia kwamba huenda anahitaji kupunguzwa.

Lenzi ya Kati

Nakuelewa, dada, lakini nisipoliandika huja likiwa ombi la picha zote 20, wiki moja kabla ya albamu.

Mwenye mada

Hapo mimi sijaamua, nami nitaendelea kulijibu kwa anayeuliza tu. La taa nimelichukua kwa maneno ya mzee, kwa ruhusa yake. Linalonisumbua bado ni hili: nimeandika orodha ije mkiwa mmekubaliana nyote wawili, na sasa nina maharusi ambao bwana anataka ndevu zake zenye mvi zibaki, huku bibi akiomba mvi ziondolewe katika picha ya albamu. Kwa kanuni yangu ya mwenye mwili, nimeziacha. Bibi harusi bado hajanijibu.