Blender: konda akipunga mkono miguu inaganda, NLA imenishinda

mtoto_wa_sinza
Wakuu habari za usiku. Nina katuni ya konda wa daladala anatembea pembeni ya gari huku anaita abiria wa Mbagala. Akshen ni mbili, Tembea ya fremu 24 (kii ya fremu ya 1 na ya 25 zinafanana) na Punga. Nimezipiga `Push Down` zote, Tembea traki ya chini Punga ya juu. Sasa ikifika Punga mkono unapunga safi ila miguu inaganda, na Punga ikiisha mkono haushuki. Nifanyeje?

chuma_temeke
Rahisi hiyo. Bonyeza stripu ya Punga, N, pale `Blending` toa `Replace` weka `Combine`.

mtoto_wa_sinza
Miguu imeamka mkuu, ila mkono sasa unaingia nyuma ya kichwa 😂

fundi_rigi
Lazima uingie. Tembea imeshauzungusha ule mkono, na Punga nayo uliipozi kuanzia mkao wa rigi ulio mtupu, kwahiyo mizunguko miwili inajumlishwa. `Combine` iachie vitu vidogo vya nyongeza kama kupumua. Rudisha `Replace`.

Ukweli ni kwamba `Replace` haichukui mwili mzima, inachukua chaneli zenye kii tu. Wewe ulipiga kii mifupa yote, nahisi ulitumia `Whole Character`, ndiyo maana mguu wa Punga unaufunika wa Tembea. Chagua stripu ya Punga, bonyeza Tab, nenda Action Editor, bakiza bega, mkono na kiganja cha kulia, mengine yote chagua majina yake kushoto ubonyeze X. Kama majina ni machache zima kile kimshale cha `Only Show Selected`. Ukimaliza Tab tena utoke, wengi wanasahau hapa.

Mkono kutoshuka ni `Extrapolation`, weka `Nothing`, na `Blend Out` fremu kama 6 usidondoke ghafla. Tembea mpe `Repeat` 4, ataishia fremu ya 97.

dada_tabata
Mimi nikitoa glTF kwenda Godot stripu zangu zinatoka animesheni mojamoja, hazichanganyiki. Ni hii hii?

fundi_rigi
Hapana dada, yako ni ya kuekspoti. Ukitaka zitoke kitu kimoja zibeki kwanza ziwe akshen moja.

mtoto_wa_sinza
Imekubali mkuu, ubarikiwe! Nikitaka apunge tena mbele naikopi tu?

fundi_rigi
Alt+D, akshen inabaki ileile, ukirekebisha moja na nyingine inafuata. Shift+D inakupa akshen mpya, hiyo tumia ukitaka apunge tofauti.

chuma_temeke
Ila mi `Combine` sijawahi kupata shida nayo

mtoto_wa_sinza
Swali la mwisho, Tembea yangu anatembea palepale bila kusonga mbele, nikimsogeza kwa mfupa wa root nyayo zinateleza. Kuna hesabu au ni macho tu?