Karafuu zimeiva shamba zima, nataka wachumaji 40 kabla ya Jumamosi na sitaki kurudia makosa ya msimu uliopita

Mwana wa Mgagadu
Asalaam alaykum. Shamba la marehemu baba lipo Mgagadu, Pemba, mikarafuu 210 inayozaa, na mwaka huu ni mwaka mkubwa. Nimevuka kutoka Unguja nikidhani nina siku kumi za kujipanga, kumbe vishada vimeshaanza wekundu. Ikishachanua ndiyo basi tena, ZSTC wanaonunua karafuu hawatanipa bei ya maana.

Msimu uliopita nilituma sauti moja tu kwenye wasap, wakaja watu 60 kwa siku moja. Sikumuuliza mtu hata jina la pili. Siku ya tatu kijana mmoja alivunjikiwa na tawi akaanguka, mkono ukavunjika mahali pawili. Mimi alinambia ana miaka 19. Hospitali mama yake akanambia yupo kidato cha kwanza. Yule mama hakunigombeza, alinitazama tu, na mpaka leo nikilala namwona. Halafu mwisho wa msimu watu wakagoma, maana msimamizi wangu aliwapimia wageni pishi ya kilima, iliyorundikwa mpaka juu, na jamaa zake pishi ya kufuta, iliyosawazishwa mdomoni. Bei moja, vipimo viwili.

Safari hii nataka watu 40 kwa siku nne, lakini wawe watu ninaowajua na walipwe kwa haki. Naanzia wapi?

Kiroboto wa Konde
Yakhe, unajitesa bure. Tafuta kiongozi wa kundi mmoja kutoka huku Micheweni, mwambie unataka watu 40, kesho kutwa unao. Yeye anawajua, anajua nani anapanda na nani mvivu. Ukianza kuuliza vitambulisho wanahamia shamba la jirani.

Mpishi wa Paje
Na mimi nina shida hiyohiyo. Hoteli yetu inajaa Julai na Agosti, nahitaji wahudumu 15, nao nawapata, lakini wakishapokea mshahara wa kwanza wanahama kwenda hoteli ya pili. Nafikiria niwe nazuia mshahara wa wiki mbili mpaka msimu uishe. Mnaonaje?

Bi Majamvi
Mpishi, huo unaotaka kuuzuia ni mshahara wa mtu alioufanyia kazi. Fungua uzi wako tutakujibu huko, hapa tuna karafuu zinachanua.

Mwanangu wa Mgagadu, nimesimamia mashamba miaka mingi upande wa Mtambile, na kabla ya wachumaji nikuulize: una majamvi mangapi?

Mwana wa Mgagadu
Majamvi 20 mazima, Bi. Na sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, tuseme inabeba kama majamvi 10.

Bi Majamvi
Basi watu 40 wa nini? Jamvi moja likianikwa kwa wepesi halichukui zaidi ya pishi 20. Kwa hiyo una nafasi ya pishi 600. Karafuu kwenye jua zuri inakaa siku nne, tano, mpaka ukiivunja inalia. Kwa siku tano, unachoweza kuanika kila siku ni pishi 120. Mchumaji wa kawaida, ukichanganya hodari na mzito, tumpe pishi 8 zilizokwisha kuchambuliwa kwa siku. Pishi 120 ni kazi ya watu 15.

Ukileta 40 watakuchumia pishi 320 kila siku. Siku ya kwanza utaanika, siku ya pili utajaza, siku ya tatu zitalala lundo ndani ya nyumba. Karafuu mbichi ikilala imerundikwa inapata moto, asubuhi utaikuta imepauka na kusinyaa. Utakuwa umemlipa mtu akuharibie. Halafu utaanza kuwarudisha watu makwao wiki haijaisha, nao wameacha shughuli zao na kulipa nauli. Hiyo nayo ni dhulma, ingawa haionekani kama ile ya pishi.

Azima majamvi 20 kwa majirani ambao mashamba yao hayajaiva. Hapo unafika pishi 1,000, yaani 200 kwa siku, watu 25. Mikarafuu 210 mwaka mkubwa, tuseme pishi 10 kila mmoja, ni pishi 2,100. Siku 11 umemaliza. Na mti hauivi wote siku moja, matawi ya upande wa jua yanatangulia, utapita mara ya pili. Chukua 15 Jumamosi na 10 Jumanne. Watu 15 unaweza kuwaangalia mmoja mmoja bila ya kukimbizana.

Mwana wa Mgagadu
Subhanallah. Hesabu hii sijaifanya hata siku moja. Sasa huko kuwaangalia mmoja mmoja kunakuwaje? Maana watu wanakuja alfajiri wote wamesimama mlangoni.

Bi Majamvi
Weka meza chini ya mwembe, daftari moja, na mwombe sheha akae nawe asubuhi hiyo, au akupe mtu wake. Kila mmoja anakuja mezani peke yake. Unaandika jina kamili, shehia anayotoka, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na simu ya mtu wa nyumbani wa kupigiwa likitokea jambo. Mtu wa bara ataonesha cha NIDA. Andika namba ukimrudishia kadi yake mkononi palepale. Wapo wenye mashamba wanaozikusanya kadi na kuzifungia sanduku ili watu wasitoroke, usifanye hivyo.

Asiye na kadi usimfukuze hapohapo, wengine wamepoteza. Mpigie sheha wake. Ila ikiwa hana kadi, hana cheti cha kuzaliwa na sheha wake hamjui, hapandi. Kupanda mkarafuu ni kazi ya hatari na aliye chini ya miaka 18 hapandi, hata mama yake akija kukuomba. Kijana wako wa kidato cha kwanza angekamatikia hapa.

Kisha mpeleke kwenye mti wa majaribio. Chagua mkarafuu mfupi ulio karibu na nyumba. Usimwambie chochote, mpe pakacha na kamba, mtazame. Mzoefu anajaribu tawi kwa mguu kabla ya kulilalia, anakaa karibu na shina, na lile la mbali analivuta kwa upondo au analifunga kamba alilete kwake. Asiyejua anatembea juu ya tawi kama yupo juu ya mwembe, na tawi la mkarafuu halipindi, linakatika. Tazama na mikono pia: anachuma kikonyo kwa kukivunja, au anang'oa na majani na vitawi vya mwaka ujao? Dakika tano zinatosha. Mti uwe huohuo kwa wote, kazi hiyohiyo, awe binamu yako au mgeni wa Makangale.

Kiroboto wa Konde
Bi, heshima yako, lakini hiyo ni kazi ya ofisi. Kiongozi wa kundi anafanya yote hayo kwa kichwa.

Bi Majamvi
Kwa kuwajua watu wake uko sawa, na hata mimi naanza kwa kumuuliza yeye. Lakini mwambie mwenye shamba na upande wa pili. Ukimpa kiongozi hela awagawie, anakata yake kwa kila pishi na wewe hujui. Mlipe ujira wake wa kuleta watu waziwazi, kisha kila mchumaji apokee mkononi mwako jioni. Na watu wake wapite mezani kama wengine.

Salma Upondo
Mimi nimechuma misimu sita, niongeze la kwetu wanawake. Wengi hatupandi juu, tunachuma matawi ya chini na kwa ngazi. Kuna mashamba wanaume wanalipwa 2,000 kwa pishi na sisi 1,500, eti ya chini ni rahisi. Pishi ikifika jamvini ina jina la juu au la chini? Kama unaona juu kuna hatari zaidi, weka nyongeza kwa mti mrefu na uitangaze asubuhi mezani, anayepanda aipate, mwanamke au mwanamume.

Na pishi iwe moja tu. Siku ya kwanza ipimwe mbele ya watu wote, mkubaliane ni ya kufuta, na kile kijiti cha kufutia kifungwe kwa uzi kwenye pishi yenyewe. Msimu mmoja tulikuwa tunafutiwa kwa kiganja. Mwenye kiganja cha kukunja anaacha kilima juu ya pishi, nacho anakipata yeye.

La mwisho ni choo na pa kulala. Ukichukua wanawake kutoka mbali, wawe na chumba chao chenye komeo. Ukishindwa, chukua wanaorudi majumbani jioni.

Daktari wa Miti
Naona hamjagusa kifafa. Mtu akipata kifafa juu ya mkarafuu hakuna cha kumwokoa. Muulizeni kila mtu, anayekubali kuwa anacho asiajiriwe.

Bi Majamvi
Ukisema hivyo hakuna atakayekubali. Atanyamaza, atapanda. Mimi nauliza wote swali moja, pembeni, bila ya watu kusikia: kifafa, kizunguzungu, macho. Na namwambia kabla hajajibu kwamba kazi ya chini ipo: kuanika, kugeuza, kuchunga mvua, kwa ujira wa siku unaokaribia wa mchumaji wa kawaida. Mwaka mmoja watatu walinambia ukweli. Wengine walioficha siwajui.

Daktari wa Miti
Na akificha akaanguka, matibabu ya nani?

Salma Upondo
Ya mwenye shamba. Kaanguka kazini.

Daktari wa Miti
Hata kama alidanganya mezani na umeandika kwenye daftari?

Kiroboto wa Konde
Hapo mimi siko na Salma. Mtu kakuficha ugonjwa, wewe ulipe? Mwenye shamba naye ana watoto.

Bi Majamvi
Mimi hupeleka hospitali kwanza. Mabishano yakija, yanamkuta mtu yupo kitandani, si chini ya mti.

Mwana wa Mgagadu
Naleta habari. Jumamosi walikuja 31. Tumekaa na sheha kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu na robo. Waliopita 15, na tisa nimewaandikia waje Jumanne kwa zamu ya daftari. Vijana wanne hawakuwa na kadi, wawili sheha wao kawathibitisha kwa simu, wawili nimewarudisha na nauli. Mmoja ni mtoto wa shangazi yangu, na mama yake tangu juzi hapokei simu yangu. Mwengine mezani kaungama kizunguzungu, yupo kwenye majamvi na ndiye aliyeniamsha jana usiku mvua ilipoanza.

Jioni tumepima pishi 117. Asubuhi ya leo magome yalikuwa yameloa, nimewazuia kupanda mpaka saa nne. Wamenuna, kwa sababu wanalipwa kwa pishi na saa nne zimewapotea. Hili sikulipangia. Nimewapa kazi ya kuchambua makonyo ya jana kwa ujira wa nusu siku, ila wawili wanasema jirani anawapandisha hata kwenye utelezi na anatoa 2,500. Bi, ungekuwa wewe ungewaongezea?

Bi Majamvi
Pishi nisingeongeza, maana ukimwongezea mmoja umewapunguzia wenzake wote. Saa za mvua ningewalipa. Lakini hao wawili wataondoka tu, yakhe. Waite wawili wa kwanza kwenye daftari la Jumanne.

Mpishi wa Paje
Kwa hiyo mshahara nisizuie?

Salma Upondo
Usizuie.